Skripti ya Dereva au Skripti ya Fundi: Kuchagua Kasi na Maneno ya Kipindi cha Redio

Anayeanza kuandikia redio huambiwa mapema kwamba wasikilizaji wake wengi wana shughuli nyingine mikononi, na ushauri unaofuata karibu kila mara huwa ni ule ule: soma polepole na utumie maneno mepesi. Ushauri huo si mbaya, lakini hautoshi, kwa sababu dereva wa lori aliyeko barabarani na fundi cherehani aliyeko kibandani hawapotezi maneno kwa namna moja, na skripti inayomfaa mmoja inaweza kumchosha au kumpotosha mwingine. Katika ulinganisho huu ninachukua jambo moja, ambalo ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye mahindi, na kuliandika mara mbili: mara ya kwanza kwa dereva anayepeleka shehena Namanga, mara ya pili kwa mtu anayefanya kazi ya mikono akiwa amekaa mahali pamoja.

Jambo hili linawagusa wote wawili. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwagharimu watu wa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, wagonjwa 317 na vifo 125, na mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu majumbani kwa watu wa kawaida. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu, malori yakakwama Namanga, na siku chache baadaye njia ilifunguliwa kwa masharti, likiwemo la shehena kuwa na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumu hiyo. Kwa hiyo dereva ana sababu yake ya kusikiliza, na mwenye magunia mawili chumbani ana yake.

Namna mbili za kupoteza maneno

Usikivu wa dereva hukatwa ghafla, kwa muda mfupi, na bila taarifa. Tuta lisilo na alama, bodaboda inayokatiza, au lori bovu lililoachwa barabarani likiwa limewekewa matawi ya miti badala ya kiakisi, kila kimoja humnyang'anya sekunde tano au kumi za kipindi, na anaporudi hajui alichokosa. Juu ya hapo kuna muungurumo wa injini na upepo wa dirishani, ambao ni kelele nzito isiyokoma, na kelele ya namna hiyo humeza sauti dhaifu za maneno. Kisha kuna umbali: kituo cha FM cha mjini hakimfuati dereva safari nzima, na milima ikiingia kati mawimbi hufifia mapema zaidi, kwa hiyo ujumbe uliopangwa kuja mwishoni mwa kipindi cha nusu saa unaweza kufika wakati redio yake imekwisha kushika kituo kingine.

Fundi cherehani hupoteza maneno kwa mafungu makubwa. Mashine hulia wakati wa mshono na kunyamaza anapogeuza kitambaa, na katika hali hiyo hukosa neno moja hapa na pale, jambo ambalo si tatizo kubwa. Tatizo huja mteja anapoingia na gauni la kupunguzwa, kwa maana hapo fundi huondoka kabisa kwenye kipindi kwa dakika tatu au nne. Hata hivyo, akiwa peke yake na pindo refu la shuka, mkono wake unajua kazi na akili yake iko huru kuliko ya mtu aliyeketi sebuleni. Anaweza kufuata maelezo marefu, anaweza kusimamisha kazi, na mara nyingi ana mwenzake wa kumuuliza, "Amesemaje hapo?"

Wapo pia wanaofanya kazi inayotumia maneno yenyewe, kama karani anayesoma barua au mwalimu anayesahihisha insha. Hao sioni namna ya kuwaandikia, kwa kuwa maneno ya redio na maneno ya karatasini hugombea nafasi moja kichwani. Waachiwe muziki.

Kasi: kupunguza mwendo wa sauti au kupunguza mambo

Tuanze na aya kama inavyoletwa studio na mtu aliyezoea kuandika taarifa za kusomwa kwa macho:

> Wataalamu wa hifadhi ya nafaka wanashauri kwamba mahindi yasiyokaushwa hadi kufikia unyevu usiozidi asilimia 13.5 yasihifadhiwe, kwa kuwa unyevu uliozidi huchochea ukuaji wa kuvu wanaozalisha sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondolewi kwa kupikwa, na kwamba shehena inayobainika kuwa na zaidi ya mikrogramu 10 za sumu hiyo kwa kilo moja hairuhusiwi kuingia sokoni katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Aya ina maneno 60, na mtangazaji mzoefu huimaliza kwa nusu dakika. Kila kilichomo ni sahihi. Ndani yake, hata hivyo, kuna mambo sita au saba mapya, viwango viwili vya kipimo, na sentensi moja ambayo haina mahali pa kupumua.

Watayarishaji wengi hujaribu kuiokoa kwa kumwambia mtangazaji asome polepole, na hapo aya huharibika zaidi. Msikilizaji wa Kiswahili hutambua mahali neno linapoishia kwa mkazo unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtangazaji akianza kuvuta kila silabi ili asikike, mkazo husambaa, maneno huungana, na sikio hupoteza mipaka. Zaidi ya hayo, sentensi iliyokuwa ya nusu dakika sasa ni ya sekunde 45, na tuta barabarani lina nafasi kubwa zaidi ya kuikata katikati. Dereva anayerudi akute "ambayo haionekani kwa macho" hana namna ya kujua ni kitu gani hakionekani.

Ninapoandikia dereva, kwa hiyo, ninaacha sauti iende kwa mwendo wake wa kawaida na kupunguza idadi ya mambo mapya. Jambo moja kwa nusu dakika ni kipimo kinachofanya kazi: neno kubwa linatajwa, linaelezwa, linatajwa tena, na kila sentensi inafuatwa na kimya cha takriban sekunde moja. Kimya hicho hukiandika kwenye skripti yenyewe kwa mstari mshazari uitwao mkwaju, kwa sababu mtangazaji asiyeona alama hatakikumbuka. Kisizidi sekunde mbili. Dereva akisikia kimya kirefu huona kituo kimekatika na kupeleka mkono kwenye redio, jambo ambalo hatulitaki akiwa kwenye mteremko.

Kwa fundi hali ni tofauti. Akisomewa skripti iliyorudiwa-rudiwa namna hiyo atachoka mapema, hasa kwa kuwa yeye hukaa na kituo kimoja tangu asubuhi mpaka jioni na huenda akakisikia kipande kile kile kikirushwa mara tatu. Yeye hupewa sentensi ndefu kiasi na mambo mengi kwa mfuatano, ila kila hatua iwe na mwisho ulio wazi. Marudio yake huwekwa mahali pengine: maelezo yote hurudiwa mara moja, kwa ukamilifu, dakika nne au tano baadaye, kusudi aliyekuwa akipima kiuno cha mteja apate kila kitu na asipate mabaki.

Neno kuhusu hesabu ya maneno. Vitabu vya utangazaji vya Kiingereza hutaja maneno 150 au zaidi kwa dakika, na wapo wanaokichukua kipimo hicho kama kilivyo. Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kitenzi katika neno moja, na "hawajatuletea" lina silabi saba peke yake. Anayelazimisha maneno 150 anakimbia. Mimi huanza na 110 hadi 120, kisha humpa mtangazaji ukurasa mmoja asome kwa saa, kwa kuwa kila mtu ana mwendo wake.

Maneno yanayogeuka njiani

Ushauri wa kutumia maneno mepesi husahau kwamba maneno mepesi ndiyo yanayopotosha zaidi. "Sumukuvu" ni neno zito, lakini likielezwa mara moja kwamba ni sumu ya ukungu kwenye mahindi, halichanganyiki na neno jingine hata kwenye lori linalopanda mlima. Kipindi kinachosikika pande zote mbili za mpaka hulazimika kutaja pia "aflatoksini", jina ambalo wasikilizaji wengi wa Kenya wanalijua; hutajwa mara moja mwanzoni, kisha jina moja tu hushikwa hadi mwisho.

Hatari halisi iko kwenye ukanushi. Katika "atapita" na "hatapita" tofauti yote imebebwa na sauti ya h, ambayo ni pumzi tu, na pumzi ndiyo ya kwanza kumezwa na injini. Katika aya yetu ya mfano neno la hatari ni "yasihifadhiwe": silabi moja, "si", ikipotea, msikilizaji amesikia "yahifadhiwe", yaani ameagizwa afanye kile kile anachokatazwa. "Hairuhusiwi" ni salama zaidi, kwa sababu ukanushi wake umewekwa alama mwanzoni na pia mwishoni, ambapo irabu imegeuka kutoka a kwenda i. Kwa dereva nakwepa ukanushi wa wakati ujao na ule wa dhamira, na mahali pake naweka tendo la kufanywa: badala ya "mahindi yasipimwe ukiwa umeshafika mpakani" naandika "pima mahindi kabla ya safari". Pale ambapo katazo haliepukiki natumia "marufuku" au "hakuna", maneno yanayosimama yenyewe. Kwa fundi ukanushi wa kawaida unakubalika, mradi sentensi ifuatayo iseme jambo lile lile kwa upande wa pili.

Namba zina mtego wake. "Sita" na "tisa" zina sauti zile zile nne zilizobadilishana nafasi, na katika kelele ya barabarani mtu hawezi kuapa alisikia ipi. "Elfu ishirini na tano" kwa wengine ni 25,000 na kwa wengine ni 20,005, na dereva hana nafasi ya kutafakari. Kwa hiyo skripti ya dereva hupewa namba moja au isipewe kabisa. Mikrogramu 10 kwa kilo ni kipimo cha maabara. Dereva hawezi kukipima wala kukitumia, na kwake kipimo hicho kimegeuka kuwa karatasi anayopaswa kuwa nayo. Asilimia 13.5 pia haimsaidii fundi asiye na mashine ya kupimia unyevu. Ninachomwachia ni namba zinazohesabika kwa vijiko na konzi.

Mwisho wa sehemu hii ni viwakilishi. Kwenye karatasi, "hiyo", "hicho" na "ambayo" hurejea kwenye nomino iliyoko mstari wa juu, na jicho likitaka hurudi kuitazama. Dereva harudi nyuma. Kila sentensi yake itaje nomino yenyewe, hata kama mwalimu wa insha angeikata kwa wino mwekundu. Kwa fundi ninavumilia kiwakilishi kimoja kwa kila nomino, sentensi mbili mfululizo, basi.

Skripti zenyewe

Hii ndiyo ya dereva. Mkwaju ni kimya cha sekunde moja.

> Dereva uliyebeba mahindi, uliza cheti. / Cheti cha kupimwa sumukuvu. / Sumukuvu ni sumu ya ukungu kwenye mahindi, na macho hayaioni. / Mpakani wanataka cheti. / Lori likifika Namanga bila cheti cha sumukuvu, linaweza kukwama. / Kwa hiyo, kabla ya kuondoka ghalani, uliza cheti cha sumukuvu. /

Ina maneno 41, na pamoja na kimya chake inachukua karibu nusu dakika ile ile ya aya ya kwanza. Neno "cheti" limetajwa mara tano. Aliyekosa sentensi yoyote moja au hata mbili bado anaondoka na jambo la kufanya. Asilimia, mikrogramu, jina la Jumuiya na habari ya kupikwa vyote vimeachwa nje, na sioni hasara. Masharti ya mpakani hubadilika, kwa hiyo mwandishi huyathibitisha na ofisi husika kabla ya kila kurusha, kwa maana skripti fupi namna hii haina nafasi ya kujitetea ikiwa imepitwa na wakati.

Skripti ya fundi inaeleza jaribio la chumvi, ambalo hutumika kukisia unyevu wa nafaka pasipo mashine.

> Kama una magunia ya mahindi nyumbani, unaweza kujua yamekauka kiasi gani kwa kutumia chupa na chumvi. Tafuta chupa ya kioo yenye kifuniko, iliyo safi na kavu kabisa. // Tia ndani konzi mbili au tatu za mahindi. // Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka, kwa sababu chumvi yenye maji itakudanganya. // Funga chupa, uitikise kwa nguvu kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa robo saa. // Sasa tazama kioo. Ukiona chumvi imeganda kwenye kioo, mahindi yana maji mengi, yarudishe kwenye turubai yaendelee kuanikwa. Ukiona chumvi haikuganda, na kioo kiko safi, mahindi yamepungua maji. //

Mikwaju miwili ni kimya kirefu kidogo, cha kumruhusu msikilizaji amalize mshono na kushika hatua iliyotajwa. "Robo saa" limechaguliwa badala ya "dakika kumi na tano" kwa sababu sentensi hiyo tayari ina dakika moja, na namba mbili za dakika zikifuatana hubadilishana nafasi kichwani mwa msikilizaji. Sababu ya chumvi kuwa kavu imo ndani ya hatua yenyewe. Ingewekwa mwishoni kama tahadhari, aliyekwisha kufunga chupa asingerudi.

Sentensi ya mwisho imepimwa kwa uangalifu. Chumvi huganda unyevu ukiwa juu ya takriban asilimia 15, ilhali kiwango cha kuhifadhi ni 13.5, kwa hiyo chupa safi haimaanishi kwamba mahindi yako tayari kwa ghala. Inamaanisha tu kwamba hayako tena kwenye hali mbaya. Tena jaribio hili linapima maji, halipimi sumu. Kwa fundi mambo haya mawili yanaweza kuongezwa kwa sentensi mbili baada ya kimya, naye atayafuata. Kwa dereva, tofauti ya namna hii isingefika salama, na ndiyo sababu sijamwekea jaribio lenyewe.

Ipi kwa kipindi kipi

Kinachoamua kwanza ni aina ya ujumbe, kabla hata ya saa ya kurusha. Ujumbe unaoishia kwenye uamuzi mmoja, kama kuuliza cheti au kubadili njia, huandikwa kwa namna ya dereva, na fundi akiusikia hatadhurika, atauona mfupi tu. Ujumbe wenye hatua zinazofuatana huandikwa kwa namna ya fundi, na hapo dereva husamehewa. Sijaona skripti ya hatua sita iliyomfikia mtu aliyeshika usukani, hata isomwe kwa upole gani, na kumtaka awaze chupa, kioo na chumvi wakati macho yake yana kazi nyingine si jambo la busara kwa usalama wake.

Ukiwa na nafasi moja tu kwa wasikilizaji wote, weka nusu dakika ya dereva mwanzoni, irudie ilivyo, kisha endelea na maelezo ya fundi. Kuchanganya namna mbili ndani ya aya moja huzaa kitu cha katikati ambacho kwa dereva ni kirefu na kwa fundi ni chepesi mno. Nimeona vipindi vingi vya namna hiyo, na husifiwa sana na watu wanaovisikiliza wakiwa wameketi ofisini.

Kabla ya kurusha, skripti ya dereva isikilizwe ndani ya gari linalotembea na dirisha wazi, na mtu asiyejua mada. Usimuulize kama ameelewa, kwa kuwa kwa heshima atakujibu ndiyo. Baada ya dakika kumi muulize afanye nini. Akijibu kwamba "walikuwa wanazungumzia mahindi", mambo yamezidi, punguza. Akieleza kinyume cha ulichoandika, tafuta ukanushi uliomezwa. Akitaja namba nyingine, ifute namba. Skripti ya fundi hujaribiwa kwa kuiingilia kati: msikilizaji aitwe nje kwa dakika tatu, arudi, kisha aulizwe baada ya marudio kama anaweza kutaja hatua kwa mpangilio.

Namba ya simu ya kituo ndiyo inayotenganisha skripti hizi kwa ukali zaidi. Kwa fundi husomwa mara mbili, kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu, baada ya kumwambia atafute kalamu au chaki yake ya kukatia, na "sita" na "tisa" zikifuatiwa na kimya. Kwa dereva haisomwi kabisa. Ikibidi, huambiwa utingo wake ndiye aandike, au namba itatolewa tena saa nne usiku, saa ambayo malori mengi yameegeshwa.